Kupima ukatizaji wa chanjo kati ya Penta ya kwanza na ya tatu: mwongozo kamili wa utafiti wa klasta

Chanjo ya pentavalenti, ambayo wengi tunaiita Penta, humkinga mtoto dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina B na bakteria wa Hib. Katika nchi nyingi hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza lakini hakufika ya tatu huhesabiwa kuwa amekatiza chanjo. Mtoto huyu ni tofauti na yule ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa. Familia yake iliijua huduma, ikaifikia na kuikubali walau mara moja, halafu kitu kikakatika. Kazi ya utafiti ni kujua kilikatika wapi.

Ripoti za kila mwezi za vituo haziwezi kulijibu swali hilo vizuri, kwa sababu hulinganisha watoto wasio walewale. Dozi za tatu za mwezi huu wamepewa watoto walioanza miezi miwili iliyopita, na pengine walianzia kituo kingine. Ndiyo maana baadhi ya ripoti huonyesha ukatizaji ulio chini ya sifuri, kana kwamba waliomaliza ni wengi kuliko walioanza. Utafiti wa klasta, yaani ule unaochagua maeneo machache kwa bahati nasibu na kuhoji watoto wa huko, humfuata mtoto mmoja mmoja: alianza au hakuanza, alimaliza au hakumaliza.

Nani ahesabiwe

Walengwa wa kawaida ni watoto wenye umri wa miezi 12 hadi 23 siku ya mahojiano. Mtoto wa miezi 12 amekuwa na zaidi ya miezi minane ya kupata dozi ya tatu tangu alipotimiza wiki 14, kwa hiyo kama hana, hatuwezi kusema muda wake haujafika.

Umri ukokotolewe kwa tarehe ya kuzaliwa, usikisiwe. Mhojaji anayefanya kazi tarehe 15 Juni 2024 anamtafuta mtoto aliyezaliwa kati ya 16 Juni 2022 na 15 Juni 2023. Mpe kila mhojaji jedwali la tarehe hizo kwa kila siku ya kazi. Bila jedwali, watoto wa miezi 24 na 25 huingizwa kwa sababu "wana miaka miwili tu", na wale wa miezi 12 huachwa kwa sababu "bado ni wachanga".

Ukubwa wa sampuli

Kwa miongo mingi Shirika la Afya Duniani lilitumia muundo wa klasta 30 zenye watoto 7 kila moja, yaani watoto 210. Muundo huo ulibuniwa kukadiria kiwango cha uchanjaji kwa kosa lisilozidi pointi 10 juu au chini. Kwa ukatizaji hautoshi. Kama ukatizaji wa kweli ni asilimia 15, kosa la pointi 10 linakuacha hujui kama ni 5 au 25, na hizo ni hali mbili zisizofanana kabisa: kwa kawaida ukatizaji unaozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa tatizo la kushughulikiwa.

Tuseme tunatarajia ukatizaji wa asilimia 15 na tunataka kosa lisizidi pointi 5 kwa uhakika wa asilimia 95:

```
n = 1.96² × 0.15 × 0.85 / 0.05² = 196
```

Hao 196 wangetosha kama kila mtoto angechaguliwa peke yake kutoka eneo zima. Katika klasta, majirani hufanana. Hutumia kituo kimoja na hupita njia moja, na dawa ikikwisha inawaishia wote. Kwa hiyo mtoto wa kumi wa klasta hatuongezei taarifa mpya kama yule wa kwanza alivyotuongezea. Kufidia hilo tunazidisha sampuli kwa athari ya muundo. Kama tunapanga watoto 10 kwa klasta na kipimo cha mfanano wa ndani ya klasta ni 0.1:

```
athari ya muundo = 1 + (10 - 1) × 0.1 = 1.9
196 × 1.9 = 372.4, yaani watoto 373
```

Hapa ndipo wapangaji wengi hupotea. Hao 373 ni watoto *walioanza* Penta, kwa sababu ukatizaji hupimwa kwao tu. Kama asilimia 90 ya watoto huanza, tunahitaji kuhoji watoto 415. Na kama tunahofia kuwa mmoja kati ya kumi hatapatikana au mlezi wake hatakubali kuhojiwa, tunalenga watoto 462, ambao wanatoshea klasta 47.

Ukiona bajeti haitoshi, ni afadhali upunguze watoto kwa kila klasta kuliko kupunguza idadi ya klasta. Klasta 47 zenye watoto 8 zina taarifa nyingi kuliko klasta 30 zenye watoto 13, ingawa jumla inakaribiana.

Kuchagua klasta

Pata orodha ya maeneo yote ya kuhesabia watu au vijiji vyote, kila kimoja na idadi ya watu wake, kisha jumlisha idadi hizo ukishuka chini kwenye orodha. Tuseme jumla ni watu 235,000. Gawa kwa 47, upate hatua ya 5,000. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 5,000, tuseme 1,873. Kama eneo la kwanza lina watu 1,400, jumla yake haijafika 1,873, kwa hiyo linarukwa. La pili lina watu 900, jumla inafika 2,300 na imeivuka 1,873, basi hilo ndilo klasta ya kwanza. Ongeza 5,000, utafute lenye mtu wa 6,873, na kuendelea hadi klasta ya 47. Eneo kubwa linaweza kuangukiwa na namba mbili, na hapo lina klasta mbili.

Orodha ikikosa makazi mapya, kambi za vibarua au maeneo ya wafugaji, utafiti wote utawakosa watoto wa huko, na mara nyingi hao ndio wenye ukatizaji mkubwa. Kaa na watu wanaolijua eneo kabla ya kuchagua, mkague orodha pamoja.

Kuchagua kaya

Mtindo wa zamani ulikuwa kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu au chupa, kufuata upande ulioelekezwa, kisha kwenda nyumba kwa nyumba hadi watoto 7 watimie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uliachana na mtindo huo. Nyumba za karibu na katikati huwa na nafasi kubwa ya kuchaguliwa, na watoto wanaopatikana haraka ni wale ambao mama zao wako nyumbani mchana. Mama aliye shambani au sokoni tangu alfajiri ndiye pia aliyeshindwa kufika kliniki siku ya chanjo. Ukimruka, umeruka sababu yenyewe ya ukatizaji.

Badala yake, timu iorodheshe kaya zote za klasta kabla ya siku ya mahojiano. Kama kaya moja kati ya sita ina mtoto wa miezi 12 hadi 23, watoto 10 wanahitaji kaya 60. Klasta ikiwa na kaya 180, chukua kila kaya ya tatu, ukianzia kwa bahati nasibu kati ya 1 na 3. Wahoji watoto wote wanaostahili katika kaya hizo 60, wawe 6 au wawe 14. Wakipungua kumi, usitafute wa kujazia. Wakizidi, usiache mtu.

Kaya isiyo na mtu irudiwe walau mara mbili zaidi kwa nyakati tofauti, mojawapo iwe jioni au siku ya mapumziko. Isibadilishwe na ya jirani. Msimamizi akiona klasta imekamilika siku moja bila hata kaya moja kurudiwa, ana haki ya kushuku kwamba kaya zilibadilishwa, na dawa yake ni kwenda mwenyewe kwenye kaya tatu au nne za orodha na kuuliza kama walifikiwa.

Kusoma kadi

Mwombe mlezi kadi, na usikate tamaa akisema haipo. Mara nyingi iko ndani ya sanduku, iko kwa bibi, au imebaki kwa mume. Mpe muda aitafute na umwambie unaweza kupita tena. Ukiipata, piga picha kurasa zote za chanjo kwa ruhusa yake, ili ofisini mtu wa pili aweze kusoma tarehe zilezile.

Kosa linaloharibu hesabu kimyakimya ni la tarehe ya kurudi. Katika vituo vingi mhudumu huandika kwa penseli, kwenye kisanduku cha dozi inayofuata, siku ambayo mama anatakiwa kurudi. Mhojaji asiyejua huinakili kama dozi iliyotolewa, na mtoto aliyekatiza anageuka kuwa amemaliza. Dalili zake ni wino tofauti, kukosekana kwa sahihi au namba ya toleo la chanjo kama kadi ina nafasi ya kuviandika, na tarehe iliyo wiki 4 kamili baada ya dozi iliyotangulia katika kadi nyingi mno.

Nakili kila tarehe iliyoko kwenye kadi, si za Penta peke yake. Polio ya matone, chanjo ya nimonia, surua, vitamini A na hata tarehe za kupimwa uzito zitatufaa muda si mrefu.

Kwa mtoto asiye na kadi, uliza kwa kumbukumbu, lakini usiulize "Alipata Penta ngapi?" Uliza kama aliwahi kuchomwa sindano ya paja, mara ngapi, na akiwa na umri gani. Baada ya hapo mtafute kwenye rejista ya kituo. Sheria ya rejista iwe moja na ipangwe mapema: watoto *wote* wasio na kadi, au wenye kadi isiyosomeka au yenye visanduku vitupu, watafutwe. Ukiwatafuta wale tu wanaoonekana wamekatiza, utasahihisha makosa ya upande mmoja, na ukatizaji utashuka kwa hila ambayo hukuikusudia.

Hesabu

Tuseme tumekamilisha watoto 420, rejista zimeshakaguliwa, na kwa urahisi tuache kwanza uzani wa sampuli, yaani kumpa kila mtoto uzito kulingana na nafasi yake ya kuchaguliwa. Walioanza Penta ni 378, waliopata ya tatu ni 318.

```
Penta 1   = 378 / 420 = 90.0%
Penta 3   = 318 / 420 = 75.7%
Ukatizaji = (378 - 318) / 378 = 15.9%
```

Angalia kwamba 90.0 ukitoa 75.7 unapata 14.3. Hiyo ni tofauti ya viwango viwili, na si kiwango cha ukatizaji. Ripoti nyingi huchanganya hivi viwili, na mahali ambapo wanaoanza ni wachache kosa huwa kubwa zaidi.

Tukiweka athari ya muundo ya 1.9, kosa linakuwa karibu pointi 5. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, ukatizaji uko kati ya asilimia 10.8 na 21.0. Tunaweza kusema kwa ujasiri kwamba umevuka 10. Hatuwezi kusema umepanda ikiwa utafiti uliopita ulipata 13. Katika uchambuzi wa mwisho tumia programu ya takwimu iliyoelezwa klasta na uzani, kwa sababu klasta ambayo makadirio yake ya watu yalikuwa ya zamani itakuwa imewapa watoto wake nafasi isiyo sawa na wengine.

Kutafuta sababu: anza na tarehe, halafu sikiliza

Tuna watoto 60 waliokatiza. Kabla ya kusoma majibu ya walezi, watenge kwa ushahidi ulioandikwa. Tuseme 38 wana kadi au rejista, na 22 tuna kumbukumbu tu.

Katika hao 38, kundi la kwanza ni watoto 14 wenye tarehe ya huduma nyingine baada ya Penta yao ya mwisho, kwa mfano surua ya miezi 9. Hawa walifika kituoni wakiwa wanadaiwa Penta, wakaondoka bila kuipata. Hata mama akisema "sikuwa na nafasi", tarehe inaonyesha nafasi ilikuwapo, na mlango wa kituo waliuingia. Kilichokosekana ni mhudumu kuisoma kadi nzima. Mara nyingi nyuma yake kuna imani kwamba mtoto aliyechelewa hapewi tena, au kwamba lazima aanze upya. Yote mawili si sahihi: ratiba iliyokatika huendelezwa pale ilipoishia, ilimradi zipite wiki 4 au zaidi kati ya dozi na dozi.

Kundi la pili ni watoto 6 ambao walipewa polio ya tatu na nimonia ya tatu siku moja, lakini kisanduku cha Penta ni kitupu na rejista nayo ni tupu. Fungua leja ya chanjo ya kituo. Kama salio la Penta lilikuwa sifuri tarehe hizo, umepata sababu bila kumuuliza mtu. Ukikuta watoto hao wote wanatoka klasta mbili zinazotumia kituo kimoja, ushahidi umekamilika. Kama salio lilikuwapo, shuku kusahau kuandika.

Kundi la tatu ni 18 wasio na tarehe yoyote baada ya Penta ya mwisho. Hawa, pamoja na wale 22, ndio ambao maneno ya mlezi yana uzito mkubwa kuliko karatasi.

Swali la "Kwa nini hukumrudisha mtoto?" linamshtaki mama, na mtu aliyeshtakiwa hutoa jibu linalofunga mjadala: nilisahau, nilikuwa na kazi. Mpeleke badala yake kwenye siku yenyewe. Siku ya mwisho alipochomwa, uliambiwa urudi lini? Baada ya sindano mtoto alikuwaje usiku ule? Kuna siku ulimpeleka akarudi bila kuchanjwa, na uliambiwa nini? Andika maneno yake kama yalivyo, usimsomee orodha ya majibu, mruhusu ataje sababu zaidi ya moja, kisha umuulize ipi ilikuwa nzito zaidi. Kuziweka katika makundi ni kazi ya ofisini, ifanywe na watu wawili wasioonyeshana kwanza.

Majibu yanayojitokeza mara kwa mara yana maana mahususi. Mama anayesema homa ilimtisha anazungumzia maudhi madogo ya kawaida: homa na uvimbe wa paja kwa siku moja au mbili. Swali la kufuatia ni kama alielezwa mapema. Kama hakuelezwa, tatizo ni maelezo ya siku ya kwanza, na mara nyingi utaliona kwa watoto walioishia dozi ya kwanza, si ya pili.

Anayesema mtoto alikuwa anaumwa, muulize nani aliamua. Kikohozi, mafua au homa ndogo si kizuizi cha Penta. Kama mhudumu ndiye aliyewarudisha nyumbani, sababu ni ya kituo.

Anayesema aliambiwa asubiri watoto watimie, anaeleza mazoea ya kutofungua kichupa cha dozi nyingi kwa mtoto mmoja. Kwa surua na BCG, chanjo ya kifua kikuu, hofu ya kupoteza chanjo inaeleweka, maana vikifunguliwa hutupwa baada ya saa 6 au kikao kikiisha, japo hata hapo mtoto ndiye anayepaswa kutangulizwa. Penta ya maji katika kichupa cha dozi 10 inaweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, ikitunzwa kwenye baridi sahihi na kiashiria cha joto kikiwa bado kizuri. Hakuna sababu ya kumrudisha mtoto.

Anayesema walihama au alijifungulia kwao, muulize kama alijaribu kituo kipya. Wapo wanaoambiwa warudi walikoanzia, na wapo wasiothubutu kwenda kwa sababu kadi ilipotea na wamesikia kuna karipio au malipo. Neno "kuhama" peke yake huficha yote hayo.

Ukifika kwenye kuripoti sababu, toa idadi pamoja na asilimia. Watoto 15 kati ya 60 ni robo, lakini hata bila kuhesabu athari ya klasta ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 14 na 36. Kupanga sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa tofauti ya watoto wawili ni kudanganya msomaji. Kinachosimama imara zaidi ni mgawanyo wa makundi ya ushahidi, kwa mfano kwamba katika 38 wenye maandishi, 20 walikuwa kituoni na hawakupata dozi. Usichukue uwiano huo ukaubandika kwa wale 22. Wasio na kadi wala rejista huenda kliniki mara chache, na sababu zao zinaweza kuwa nyingine.

Jambo la mwisho ni la mlangoni. Kila mtoto anayekutwa amekatiza apewe rufaa ya maandishi kwenda kituo cha karibu, na mlezi aambiwe waziwazi kwamba hataanza upya. Ifanyike baada ya swali la mwisho kujibiwa na fomu kufungwa. Mhojaji anayeanza kuelimisha katikati ya mahojiano atapata, kuanzia hapo, majibu anayopenda kuyasikia.